Moto Inayotembea Yenyewe

Jirani, hebu angalia huu mkono wangu wa kushoto. Angalia vizuri, na usicheke. Kidole cha kati kimevimba. Cha pete hakikunjiki. Kiganja kimeota sugu kama kisigino cha mchunga ng'ombe. Mama watoto anasema mkono kama huu ni wa mtu anayekamua ng'ombe ishirini kila alfajiri. Ningekuwa na ng'ombe ishirini ningesimama hapa kwenye kioski nikikulilia? Sina hata mguu wa ng'ombe. Nina moto.

Nikisema moto nasema pikipiki, siyo moto wa kupikia. Ingawa yangu, ngoja utasikia, kidogo iwe vyote viwili. Na kilichouvimbisha mkono ni ambreyaji. Wenzetu wa Nairobi na Dar wanaita klachi. Sisi huku Kirolirwe, hapa Masisi, tuliachiwa Kifaransa na Wabelgiji, tukakipiga nyundo mpaka kikaingia mdomoni. Kwa hiyo kwetu kuna ambreyaji, kuna vitesi, kuna gido la kushikia, kuna levye ya kuvuta kwa mkono wa kushoto. Neno nimelijua miaka mingi. Kitu chenyewe nilikuwa sikijui hata kidogo. Nilikuwa najua tu kwamba ukivuta, moto inatulia, na ukiachia, inaondoka.

Mpaka siku nilipovuta na haikutulia.

Ilianza na ugumu. Msimu wa mvua, unaijua barabara yetu ya kutoka Sake kupanda kwenda Kitchanga. Hiyo ni barabara kwa heshima tu. Ni uji. Tope linaruka mpaka kwenye kofia. Siku moja nikaona levye imekuwa nzito. Nilikuwa navuta kwa vidole viwili, nikaanza kuvuta kwa vitatu. Wiki iliyofuata, vinne. Nikajisemea ni uzee. Nikaanza kula maharage zaidi nipate nguvu. Usinitazame hivyo, ndivyo nilivyofikiri.

Kisha ukaja ugonjwa wa pili. Nasimama, nimeweka vitesi ya kwanza, levye nimeivuta mpaka imegusa mpira wa gido. Moto inatakiwa isimame kama ng'ombe aliyefungwa. Yangu inasogea. Polepole, kwa adabu, kama mtu anayetaka kupita mbele kwenye foleni bila kuonekana. Nikikanyaga freni, inatetemeka na kuzimika. Nikiachia freni, inasogea. Na pwemo, ile sehemu ambayo vitesi haijaingia popote, nikiwa nimesimama siipati. Napiga mguu juu, inaruka mpaka ya pili. Napiga chini, inarudi ya kwanza kwa mlio wa "kla!" kama mtu ametupa sufuria.

Sasa sikiliza aibu ya kwanza. Nimembeba mama mmoja mfanyabiashara. Mbele yetu ng'ombe wanavuka barabara, na unajua ng'ombe wa Masisi hawana haraka, barabara ni yao, sisi ni wageni. Nikasimama nyuma ya dume moja kubwa. Nikavuta levye kwa vidole vyote. Moto ikasogea. Nikakanyaga freni. Ikatetemeka. Nikalegeza kidogo isizimike. Ikasogea tena. Gurudumu la mbele likaenda, taratibu kabisa, likamgusa yule dume pale nyuma, pale pale pasipoguswa. Dume akageuka akanitazama. Mchungaji naye akageuka akanitazama. Akaegemea fimbo yake.

"Papa," akasema, "moto yako na ng'ombe yangu binajuana?"

Mama wangu wa nyuma alishuka hapo hapo. Akamalizia safari kwa miguu, kilometa tatu nzima. Na nauli hakunipa.

Usiku huo nikaamua kutibu. Mimi ni mwanaume, nina kle namba kumi na namba kumi na mbili, nani atanizuia? Nikaona pale kwenye levye, mahali kable inapoingia, kuna parafujo ya mviringo ya kuzungusha kwa vidole. Nikaizungusha itoke nje. Kable ikakaza. Nikazungusha tena. Ikakaza zaidi. Nikazungusha mpaka ikawa kama uzi wa gitaa, levye haina hata nywele moja ya mchezo. Nikajaribu uani. Ah! Kusogea kumepungua! Nikamwita mama watoto aje aone. Akaja, akaona, akasema moto bado inasogea. Nikamwambia inasogea kidogo. Akasema kidogo ni kusogea.

Kesho yake nikapakia magunia ya fromaji kupeleka Sake. Unazijua fromaji zetu, zile za mviringo, nzito, ngumu nje na laini ndani. Nikafika kwenye mlima. Nikafungulia gazi. Moteri ikapiga kelele kama helikopta. Moto haiendi! Nafungulia zaidi, inalia zaidi, inapanda kwa mwendo wa konokono mjamzito. Kisha harufu. Jirani, harufu ile. Kama mtu ameunguza kwato na kiatu cha plastiki kwenye sufuria moja. Moshi chini ya mguu wangu wa kulia. Moto ikasimama, ikaanza kurudi nyuma, gunia likafunguka, na fromaji moja ikatoka ikaanguka kwa ubavu na kuanza kuteremka mlima. Inabiringika vizuri kuliko moto yangu. Chini kijana anapandisha chukudu yake ya mbao. Akaizuia kwa mguu. Akaiokota, akaigeuzageuza.

"Papa," akaniita kutoka bondeni, "iyi ni gurudumu yako ya mbele ao ya nyuma?"

Hapo ningeenda kwa fundi. Mtu mwenye akili angeenda. Mimi nikafikiri: harufu ya kuungua maana yake mafuta hayatoshi. Si ndiyo? Chakula kikiungua si unaongeza mafuta? Nikaenda nikanunua mafuta ya moteri. Muuzaji akaniuliza ya moto au ya kamio. Nikamuuliza yapi ni mazito. Akasema ya kamio. Nikasema lete hayo, mimi sitaki vitu vyepesi. Moto yangu ni sisi 125, inataka lita moja hivi. Nikaongeza juu ya yale yaliyokuwemo mpaka kijiti cha kupimia kilipozama chote. Nikaona fahari. Nikasema sasa imeshiba.

Unajua baridi yetu ya alfajiri huku juu milimani, ile ambayo hata mbwa anaomba koti. Asubuhi yake mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, anamenya birayi. Nikasema nimwonyeshe kwamba mkwe wake ni mtu wa kazi. Nikavuta levye kwa mikono miwili, naam, miwili. Nikaingiza ya kwanza. Moto ikaruka. Haikusogea safari hii, iliruka kama mbuzi aliyeona nyoka! Ikapita kati ya beseni na kigoda, ikaingia jikoni na mimi juu yake, ikazimika imebusu sufuria ya maharage. Birayi uani kote. Mama mkwe hakusema neno. Aliendelea kumenya ile aliyoishika. Mpaka leo hajasema neno. Hicho ndicho kinachoniua.

Basi nikaisukuma mpaka kwa fundi.

Fundi wetu anakaa chini ya mkaratusi, karibu na soko. Ni mtoto. Nakwambia mtoto, ningeweza kuwa nimemnunulia viatu vya ubatizo. Nikamweleza yote kwa sauti ya mtu anayejua. Nikamwambia disiki zimekwisha, abadilishe disiki, mimi nimeshagundua. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha hakugusa disiki. Hakugusa hata kle. Akashika levye, akaivuta mara moja.

"Muzee, kunja gido ku kushoto."

Nikakunja. Akavuta.

"Sasa ku kuume."

Nikakunja. Akavuta. Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la daktari aliyeona kitu kwenye picha.

"Vuta weye mwenyewe usikie."

Nikavuta. Haki ya Mungu, gido likiwa kushoto levye ni ngumu kama jiwe, likiwa kulia inapungua. Miezi miwili naendesha moto hiyo ikiwa mgonjwa na sikuwahi kusikia tofauti. Akaniambia kable nzima, iliyopita njia yake vizuri, haijali gido limeelekea wapi. Ikibadilika namna hiyo, kuna mahali imekunjika. Akapitisha kidole kwenye ile ngozi nyeusi ya kable, kuanzia kwenye levye kuja chini, mpaka karibu na taa ya mbele. Hapo kidole kikasimama. Kulikuwa na kona, kona kali kama kiwiko.

"Muzee, hapa unatundikaka nini?"

Nikakaa kimya.

"Muzee?"

Nikamwambia. Mfuko. Kila asubuhi mama watoto ananipa mfuko wa kitu cha kupeleka: maharage, maziwa kwenye bido dogo, siku nyingine kuku. Nautundika kwenye gido upande wa kushoto. Mfuko unakaa juu ya kable. Miaka miwili. Akahema.

Sasa nitakueleza alivyonieleza, maana alinieleza kama unavyomweleza mtu wa kigeni, polepole na kwa mikono. Kable ya ambreyaji ni waya ndani ya bomba. Ukivuta levye, waya unateleza ndani ya bomba na kuvuta kamkono kadogo pale kwenye moteri. Bomba likikunjika, waya unasugua kwenye ile kona. Tope na maji vinaingia, kutu inaota, waya unakatika uzi mmoja mmoja, na zile nyuzi zilizokatika zinachoma bomba kama miiba. Hapo levye inakuwa ngumu. Kisha nusu ya nguvu yako inaishia kuminya lile bomba lililokunjika, haifiki chini. Wewe juu umevuta mpaka mwisho, kule chini kamkono kamesogea nusu. Ambreyaji haijaachia. Ndiyo maana inasogea. Kumbe magonjwa yangu mawili yalikuwa ugonjwa mmoja!

Nikamwambia hayo ni maneno, anionyeshe. Akafungua kable upande wa chini, akaitoa kwenye kamkono ka moteri. Kwanza akanivutisha levye peke yake, kable ikiwa haijashika kitu chochote. Bado ngumu. Akasema: "Shi unaona? Hakuna moteri hapa na bado iko nguvu." Kisha akashika kale kamkono kwa kle, akakasukuma. Kakaenda kwa upinzani wa springi tu, laini, bila kukwama, na kakarudi kenyewe. Kwa hiyo uzito hautoki ndani. Uko kwenye kable. Kazi ya dakika tano, jirani. Mimi nilikuwa nimekula maharage miezi miwili.

Akavuta waya nje ya bomba. Ukatoka rangi ya chai ya rangi. Pale kwenye kona, nyuzi zimesimama kama nywele za mtu aliyepigwa na umeme. Nikataka tuipake grisi turudishe. Akakataa. Kable ambayo nyuzi zimeanza kukatika haipakwi, inabadilishwa, kwa sababu itakukatikia njiani siku umebeba mgonjwa. Na grisi nzito haiingii kwenye bomba la kable hata kama ni nzima. Kwa baridi yetu inaganda, inakamata vumbi, levye inakuwa nzito kuliko mwanzo. Kinachoingia ni mafuta mepesi. Akaning'iniza kable mpya kwenye tawi la mkaratusi, akafunga kipande cha nailoni juu kama kikombe, akamimina mafuta kidogo humo, akayaacha yateremke yenyewe mpaka yakadondoka upande wa chini. Na pale kwenye levye akasafisha ile bulo inayozungukia, akapaka grisi. Grisi mahali pake ni pale. Akapaka na kale kapipa kalikoko kichwani mwa waya. Kapipa hako lazima kazunguke ndani ya levye. Kasipozunguka, waya unakunjwa kila unapovuta, na unakatikia hapo hapo.

Nikashika mfuko nilipe niondoke. Akaniambia: "Bado, muzee. Ile ilikuwa ya kable. Sasa tuone ile yako."

Ile yangu! Maana kable ilikuwa shida ya kwanza. Shida mbili zilizofuata nilizitengeneza mimi kwa mikono yangu miwili.

Akafungua mafuta chini. Yakatoka kama asali, meusi, na hayakwishi. Chombo kikajaa. Watu wa sokoni wakaanza kukusanyika. Akaniambia ambreyaji ya hizi moto zetu ndogo haikai pakavu kama ya gari. Inaoga ndani ya mafuta ya moteri yale yale. Ndani kuna disiki zimepangwa kama sahani: moja ina ngozi kama koki, moja ya chuma tupu, moja ya koki, moja ya chuma. Yangu ilikuwa na 5 za koki na 4 za chuma, na springi 4 zinazibana pamoja. Zikibanwa, zinazunguka kama kitu kimoja, moto inaenda. Ukivuta levye, springi zinasukumwa nyuma zisibane, sahani zinaachana kwa nafasi ndogo sana, moto inatulia. Sasa ukiweka mafuta mazito ya kamio, tena mengi kupita alama, katika baridi ya Kirolirwe, zile sahani hazitaachana. Zinagandana kama ugali wa jana. Ndiyo maana moto iliruka kwa mama mkwe.

Akaniambia hata moto nzima inaweza kushika kidogo asubuhi. Dawa yake ni kuvuta levye na kuisukuma mbele nyuma ikiwa ndani ya vitesi kabla ya kupiga kiki, sahani ziachane. Na uipashe kwanza. Lakini moteri ikipata joto, kusogea kunatakiwa kuishe. Kusikokwisha ni ugonjwa. Akaniandikia kwenye karatasi mafuta ya kununua: 20W-50 au 10W-30, kadiri kitabu cha moto yenyewe kinavyosema, na kwenye chupa yawe na maandishi JASO MA. Hiyo ni alama ya Wajapani ya mafuta ya pikipiki ambazo ambreyaji zake zinaoga. Na nipime kwa kijiti moto ikiwa imesimama wima pahali sawa, katikati ya alama mbili. "Siyo kujaza kama bido ya maji ya kisima," akasema, na watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Ungefanyaje?

Kisha akafungua kifuniko cha upande wa kulia. Akalegeza zile bulo 4 za springi kwa msalaba, kidogo kidogo, hii kisha ile ya ng'ambo, ili sahani ya juu isipinde. Akatoa disiki moja moja akazipanga kwenye gunia kwa mpangilio zilivyotoka. Za koki zilikuwa nyeusi na zinanuka ile harufu ya mlimani. Za chuma, mbili zilikuwa na rangi ya bluu, bluu nzuri kama kitambaa cha kanisa. Nikasema ni nzuri. Akasema ni maiti.

Bluu ni moto, siyo pikipiki, moto wenyewe! Pale nilipokaza kable mpaka ikawa gitaa, nilikuwa kama mtu anayeshika levye nusu siku nzima bila kujua. Springi hazikubana vizuri. Sahani zikateleza zikisuguana, nikapanda mlima na fromaji, zikaungua. Chuma kikipata joto hivyo kinapinda. Akachukua kipande cha kioo cha dirisha, akalaza disiki ya chuma juu yake. Nzima ikalala kama chapati. Ile ya bluu ikachezacheza, ukibonyeza huku inainuka kule. Akaingiza chini yake kale ka upanga ka kupimia ka milimita 0.2. Kakapita bila kubisha hodi. Sahani iliyopinda haiachani na mwenzake hata uvute levye mpaka ukatike mkono, maana kila inapozunguka kuna mahali inagusa. Kwa hiyo hata na kable mpya, hata na mafuta mazuri, moto yangu ingeendelea kusogea. Nilikuwa nimeugeuza ugonjwa wa kable kuwa ugonjwa wa disiki.

"Muzee," akasema kwa upole, na upole ndio uliouma, "moto ikilia na haiendi, ile ni kuteleza. Ukivuta na bado inaenda, ile ni kushika. Ni vitu mbili. Weye ulikuwa na kushika, ukaitibu mpaka ukapata kuteleza, kisha ukatibu kuteleza ukapata kushika mara mbili."

Kuna mtu nyuma akapiga makofi. Nilimsikia.

Akapitisha kidole kwenye meno ya lile kapu linaloshika disiki, akitafuta mashimo. Disiki zikiyapiga meno muda mrefu zinachimba vishimo, zinanasa humo, hapo kapu lenyewe linakwisha na pesa ni nyingine. Nilifunga macho. Akasema liko sawa. Nilitaka kumkumbatia. Akazamisha disiki mpya za koki kwenye mafuta masafi usiku kucha, maana zikiingia kavu zinaungua siku ya kwanza. Asubuhi akakwangua jwe la zamani, akaweka jipya, akafunga bulo kwa msalaba vile vile.

Kisha akaja kwenye ile parafujo ya mviringo niliyoichezea. Akaizungusha ndani karibu yote, akarekebisha kwanza chini kwenye moteri, kisha akamalizia juu. Akachomoa kijiti cha kiberiti, akakiweka kwenye mwanya kati ya levye na mahali inapokaa. Kikaingia sawasawa. Akasema pale mwanzoni mwanya uwe milimita 2 mpaka 3, na ukipima kule kwenye ncha ya levye, iwe inacheza bure milimita 10 mpaka 20 kabla kable haijaanza kukaza. Mchezo ukizidi, inashika. Ukikosekana, inateleza. Akanipa kile kijiti nikae nacho. Nimekiweka kwenye pochi, mahali pa picha ya harusi.

Akasimamisha moto kwenye stendi ya kati, akaipasha, akaingiza ya kwanza, akavuta levye. Gurudumu la nyuma likazunguka kivivu. Akaweka soli ya sandali juu yake. Likasimama. Hakuna kutetemeka, hakuna kuzimika. Akagusa kwa mguu, pwemo ikaingia bila mlio. Nikavuta mwenyewe. Vidole viwili, jirani! Kidogo nilie mbele ya soko zima. Nikalipa. Kiasi nilicholipa sitakwambia, mama watoto anapita hapa kununua chumvi.

Nikafika nyumbani kama bwana harusi. Nikasimama mbele ya jiko, ndani ya vitesi ya kwanza, levye nimevuta. Moto kimya. Haisogei hata unywele. Mama mkwe akanitazama. Hakusema neno, lakini alisogeza kigoda, na beseni pia.

Na leo asubuhi mama watoto akatoka na mfuko wa maharage kama kawaida. Akanyoosha mkono kwenye gido la kushoto. Nikapiga ukelele: hapana! Hapo kuna kable! Nikamweleza yote, bomba, waya, kutu, kona. Akanisikiliza kwa heshima ambayo sijaiona tangu mahari. Nikachukua mfuko kwa fahari, nikautundika upande wa kulia.

Upande wa kulia, jirani, ndiko inakopita kable ya gazi.

Ndiyo maana umeniona nikipita hapa kwenye kioski mbio vile, nimepunga mkono, sikusimama. Sikuwa na haraka. Moteri ilikuwa inanguruma yenyewe, gazi imenaswa, haitaki kurudi. Lakini nilipovuta levye kule mbele, ambreyaji ikaachia vizuri sana. Hilo nitamsifu fundi. Moto ilisimama hapo hapo. Mimi ndiye niliyeendelea.